Kazi ya ofisi isiyo na takwimu: jinsi msaidizi wa utawala anavyoweza kuonyesha kwamba anategemewa

Kama umewahi kufanya kazi ya msaidizi wa utawala katika ofisi ya shirika, ya kanisa, ya shule au ya chama cha ushirika huko Rumonge, Nyanza-Lac au ng'ambo ya ziwa, unaijua hali hii. Mradi unafungwa. Unapewa cheti cha kazi chenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na cheo chako. Rejista ulizoandika kwa mkono wako zinafungwa katika makatoni na kupelekwa makao makuu. Mwenzako aliyekuwa anagawa mbegu anaondoka na idadi ya kaya alizozifikia. Wewe, uliyehakikisha mbegu zile zina karatasi, gari lina dereva na fundi amelipwa, unaondoka na maneno tu: "kupanga faili, kupokea wageni, kazi nyingine za ofisi."

Hali hii imewakuta watu wengi tangu Januari 2025, pale serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na mashirika mengi ya eneo la Maziwa Makuu yakapunguza wafanyakazi. Wengi walipewa siku chache tu za kukabidhi kazi. Makala haya yanaeleza namna ya kutoa, katika karatasi unazozishika kila siku, ushahidi ambao mwajiri mwingine ataukubali. Ni vizuri uyafanye haya ukiwa bado una ufunguo wa kabati.

Anayesoma wasifu wako anatafuta nini

Kazi ya msaidizi wa utawala ina tabia moja: ikifanyika vizuri, haionekani. Hakuna anayesema "leo stakabadhi zimefika." Watu husema siku ambayo hazikufika. Kwa hiyo ukijaribu kutafuta matokeo makubwa ya kujivunia, hutayapata, na ukiazima matokeo ya mradi ("tulisaidia familia 2,000") mwajiri atakuuliza wewe ulifanya nini hasa katika hizo familia 2,000.

Mtu anayetafuta msaidizi wa ofisi huwa na maswali mawili kichwani. La kwanza: je, jambo likipangwa kufanyika kila wiki, mtu huyu atalifanya kila wiki bila kufuatwafuatwa? Huko ndiko kutegemewa. La pili: mzigo aliokuwa nao ulikuwa na ukubwa gani, yaani watu wangapi, mahali pangapi, na uamuzi gani ulikuwa mikononi mwake? Huo ndio upana wa kazi. Maneno kama "mchapakazi", "mwaminifu" na "mwenye nidhamu" hayajibu swali hata moja kati ya hayo, maana kila mwombaji huyaandika.

Maswali yote mawili yanaweza kujibiwa kwa hesabu ndogo. Huhitaji kompyuta. Unahitaji daftari, rejista zako na saa chache za utulivu.

Anza na ahadi zinazorudi

Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho ofisi ilikutegemea ukifanye tena na tena kwa siku inayojulikana. Mfano: kutuma bahasha ya stakabadhi Bujumbura kila Ijumaa, kuhesabu fedha za matumizi madogo kila mwisho wa mwezi, kuandika kumbukumbu za mkutano na kuzigawa siku ya pili, kukusanya karatasi za mahudhurio kabla ya tarehe 25. Hizo ni ahadi. Hata kama hakuna aliyekuambia "ahidi", watu wengine walipanga kazi zao wakiamini kwamba jambo hilo litafanyika.

Kisha chagua mbili au tatu tu. Chagua zile ambazo zikikosekana, mtu mwingine anakwama. Bahasha ya stakabadhi isipofika, mhasibu wa makao makuu hawezi kufunga hesabu za mwezi, na ofisi yenu inacheleweshewa fedha. Hiyo ni ahadi nzito. Kumwagilia maua ya barazani nako ni kazi, lakini hakuna anayekwama.

Kwa kila ahadi uliyochagua, jibu mambo matatu: ilitakiwa kufanyika mara ngapi, ilifanyika kwa wakati mara ngapi, na zile zilizobaki ziliishia wapi. Namba ya kwanza, ya mara zilizotakiwa, ndiyo ambayo watu wengi huisahau, na ndiyo inayobeba uzito wote. Ukiandika "nilituma bahasha 46", msomaji hajui kama ni nyingi au chache. Ukiandika "bahasha 46 kati ya 50 ziliondoka kwa wakati", amekuelewa mara moja.

Tuifanye hesabu pamoja

Tuchukue mfano wa msaidizi wa utawala katika ofisi ndogo ya Rumonge yenye makao makuu Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kaskazini. Mtu huyu na tarakimu zake ni za mfano, lakini mazingira yake utayatambua.

Ahadi yake ya kwanza ni bahasha ya Ijumaa. Inatakiwa iondoke kabla ya saa sita mchana ili ifike Bujumbura kabla ofisi haijafungwa. Anafungua rejista ya barua zinazotoka ya mwaka 2024 na kuanza na kalenda, si na rejista. Mwaka 2024 ulikuwa na Ijumaa 52. Ijumaa ya tarehe 1 Novemba ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 27 Desemba ofisi ilikuwa imefungwa. Zinabaki Ijumaa 50. Hiyo ndiyo idadi ya mara zilizotakiwa, na ameipata kabla ya kutazama alifaulu mara ngapi. Mpangilio huo ni muhimu. Mtu anayeanza na rejista huhesabu zilizotumwa tu, na Ijumaa ambayo haikuandikwa kitu inapotea bila yeye kuona.

Sasa anapitia rejista ukurasa kwa ukurasa. Kwa kila Ijumaa anatazama vitu viwili: saa aliyoandika bahasha ilipoondoka, na sahihi ya kupokea iliyowekwa na mtu wa Bujumbura. Sahihi ya mpokeaji ina nguvu kuliko mwandiko wake mwenyewe, kwa sababu haiko mikononi mwake. Anaweka alama ya kufaulu pale tu ambapo vyote viwili vinakubaliana.

Anapata 46 kwa wakati. Nne zilichelewa. Hazifichi, bali anaandika sababu ya kila moja. Mbili zilichelewa kwa sababu gari halikuwa na mafuta, jambo ambalo kila aliyeishi Burundi miaka ya karibuni analifahamu: moja iliondoka Jumamosi, nyingine Jumatatu. Ya tatu ilizuiwa na mvua, barabara ya taifa RN3 ilipofungwa kwa muda, ikaondoka Jumamosi. Barabara hiyo inapita kati ya milima na ziwa, na kukatika kwake si jambo la kubuni: Machi 2015 maporomoko ya Gitaza yaliifunga kabisa. Ya nne ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mwezi Juni aliugua, na ufunguo wa kabati la stakabadhi ulikuwa mmoja tu, nao alikuwa nao nyumbani. Bahasha ikaondoka Jumatatu. Mwezi Julai akaomba ufunguo wa pili ukae kwa mhasibu, na akabandika ndani ya mlango wa kabati karatasi inayoeleza hatua za kuandaa bahasha. Tangu hapo hadi Desemba, hakuna bahasha iliyochelewa kwa sababu ya mtu kutokuwepo.

Sentensi atakayoiandika katika wasifu wake wa kazi ni hii:

"Januari hadi Desemba 2024: nilituttuma stakabadhi za ofisi Bujumbura kila wiki. Kati ya mara 50 zilizotakiwa, 46 ziliondoka kwa wakati. 4 zilichelewa kati ya siku 1 na 3. Hakuna bahasha iliyopotea. Baada ya kuchelewa mara moja kwa sababu ya ugonjwa, niliweka utaratibu wa mtu wa pili."

Angalia sentensi hiyo inafanya nini. Ina kipindi, idadi iliyotakiwa, idadi iliyotimia na kilichobaki. Ile ya nne, ambayo wengi wangeificha, ndiyo inayomwonyesha kuwa mtu wa kutegemewa, kwa sababu inasema aliona tundu akaliziba. Mwajiri anajua kwamba watu huugua. Anachotaka kujua ni kama ofisi itasimama siku hiyo.

Ahadi ya pili ni fedha za matumizi madogo. Ofisi iliweka faranga 400,000 katika kasha, na kila mwisho wa mwezi zilihesabiwa mbele ya mhasibu, stakabadhi na fedha taslimu zikijumlishwa. Mara 12 kwa mwaka. Mara 11 jumla ililingana. Mara moja zilipungua faranga 3,000, na kesho yake ikaonekana ni nauli ya pikipiki ambayo haikuandikiwa karatasi. Hapa sentensi ni fupi: "Nilitunza kasha la faranga 400,000, mahesabu 12 ya mwisho wa mwezi yalifanyika mbele ya mhasibu, 11 yalilingana, tofauti moja ya faranga 3,000 ilielezwa siku iliyofuata."

Upana: ni nani angekwama usipokuwepo

Kutegemewa peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kutegemewa kikamilifu katika kazi ndogo sana. Ili kuonyesha upana, jiulize swali moja: nisingekuja kazini wiki mbili, ni nani angekwama, na wapi?

Msaidizi wetu wa Rumonge anaandika majibu. Watu 14 wa ofisi walipata hati za safari, karatasi za mahudhurio na vifaa kupitia kwake. Walikuwa katika sehemu tatu: Rumonge mjini, Nyanza-Lac upande wa kusini na Muhuta upande wa kaskazini. Alipanga safari za gari moja na pikipiki mbili. Kumbukumbu za mikutano aliziandika kwa Kifaransa kwa ajili ya makao makuu, na wageni wa barazani aliwahudumia kwa Kirundi na Kiswahili. Hizo zote ni tarakimu za upana, na hakuna hata moja inayohitaji utafiti. Zilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyezikusanya mahali pamoja.

Sehemu ya lugha usiipuuze. Huko Rumonge Kiswahili ni lugha ya soko na ya mwalo, Kirundi ni cha wote, na barua za ofisi ni za Kifaransa. Mtu anayepokea malalamiko kwa lugha moja na kuyaandika kwa lugha nyingine amebeba mzigo ambao katika ofisi nyingine ungekuwa wa mtu wa pili. Lakini usiandike tu "nazungumza lugha tatu". Andika ulizitumia kufanya nini.

Katika upana kuna mtego, nao ni vitenzi. Kuna tofauti kubwa kati ya niliandaa, niliidhinisha, nilikabidhi na nilisimamia. Kama hati ya safari uliiandika wewe na mkuu wa ofisi akaitia sahihi, wewe uliiandaa. Ukiandika "nilisimamia safari za wafanyakazi", mtu akimpigia simu mkuu wako wa zamani atasikia jambo lingine, na kuanzia hapo hata bahasha 46 hazitaaminika. Njia rahisi ya kujipima: tazama karatasi yenyewe, sahihi ya nani iko chini? Kama si yako, tafuta kitenzi kingine. Vilevile, kutunza kasha la faranga 400,000 si kusimamia bajeti ya mradi, hata kama karatasi za bajeti zilipita mezani pako.

Siku mambo yalipoharibika

Hesabu huonyesha siku za kawaida. Mwajiri anataka pia kujua siku isiyo ya kawaida ilikuwaje. Kwa hilo, tukio moja linatosha, na lielezwe kwa sentensi nne: hali ilikuwaje, kiliharibika nini, ulifanya nini, na nini kiliendelea.

Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi na majengo ya ufukweni, Rumonge ikiwemo. Tuseme ofisi ya mfano wetu iko sehemu ya chini. Msaidizi anaweza kuandika hivi: "Ofisi ilikuwa na majalada 120 katika rafu za chini. Aprili 2024 maji yalifika uani. Niliyaorodhesha na kuyahamishia ghorofani kwa siku mbili nikisaidiwa na mlinzi na dereva. Baada ya kuhama tulihesabu tena: yote 120 yalikuwepo, na bahasha ya Ijumaa iliondoka kama kawaida."

Nguvu ya maelezo hayo iko katika kuhesabu mara mbili, kabla na baada. Kama hukuhesabu kabla, usiseme hakuna kilichopotea. Sema tu ulichofanya. Pia amewataja mlinzi na dereva. Msomaji anajua mtu mmoja habebi majalada 120 peke yake, na kuwataja wenzako kunakufanya uaminike zaidi.

Pata sahihi kabla ofisi haijafungwa

Hesabu yako ikibaki kwenye daftari lako, bado ni maneno yako. Inahitaji mtu wa pili. Lakini hapa kuna mpaka ambao haupaswi kuvukwa, hasa katika ofisi zinazohudumia wakimbizi, waliorejea na waliokosa makazi. Usipige picha rejista. Usibebe nakala za orodha za watu, namba za simu, vyeti au malalamiko. Jina la mtu aliyekuja kuomba ulinzi likitoka ofisini kwa sababu ya wasifu wako wa kazi, madhara yake hayarudi nyuma. Unachoondoka nacho ni jumla tu: mara 50, mara 46, watu 14, majalada 120. Jumla haina jina la mtu.

Andika muhtasari wa ukurasa mmoja, umpelekee mkuu wako rejista pamoja nao ili aweze kukagua mwenyewe, kisha umwombe sahihi na muhuri. Mkuu mwenye shughuli nyingi hatakuandikia barua ndefu, lakini ukurasa uliokwisha andikwa, wenye ushahidi pembeni, ataupitia kwa dakika kumi. Ombi linaweza kuwa hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi, mkataba wangu unaisha tarehe 30. Nimeandaa muhtasari wa kazi zangu za mwaka 2024 kutokana na rejista ya barua zinazotoka na daftari la kasha, ambazo nimeziambatanisha ili uhakiki. Hakuna jina la mhudumiwa yeyote. Ukiona namba yoyote isiyo sahihi, naomba uisahihishe. Ukiridhika, naomba sahihi yako na muhuri wa ofisi. Naomba pia ruhusa ya kutoa namba yako ya simu kwa mwajiri atakayetaka kuthibitisha."

Kumwalika asahihishe kuna faida mbili. Kwanza, namba yenye makosa inapatikana sasa, wala si mbele ya mwajiri mpya. Pili, mtu aliyesahihisha ukurasa ataukumbuka akipigiwa simu baada ya mwaka mmoja. Kuhusu simu, omba namba yake binafsi ikiwa yuko tayari kuitoa. Namba ya ofisi iliyofungwa haipokelewi na mtu.

Ikiwa mkuu amekwisha kuondoka, mtafute yule aliyekuwa anapokea kazi yako: mhasibu aliyefungua bahasha, au katibu wa tarafa aliyepokea barua zenu. Mara nyingi anajua zaidi kuliko mkuu, maana yeye ndiye angekwama.

Kama rejista hakuna

Wengi wenu mmefanya kazi mahali ambapo hapakuwa na rejista, au imebaki mahali ambapo hamwezi kurudi. Waliofanya kazi za posho katika ofisi za kambi ya Nyarugusu au Nduta upande wa Kigoma, au waliotoka Uvira na Fizi bila karatasi, wanalijua hili. Usijaze pengo kwa kukisia. Namba ya kukisia ikiulizwa swali moja tu, huanguka.

Lililo bora ni kuanza leo, hata kama kazi uliyonayo ni ya kujitolea. Chora safu nne katika daftari: kilichotakiwa, siku ya kutakiwa, siku kilipofanyika, na sahihi ya aliyepokea. Jaza kwa wiki nane. Wiki nane si mwaka, lakini ni ukweli, na ukiandika wazi "wiki nane, Machi na Aprili" hakuna wa kukupinga.

Uwe mwangalifu tu na idadi ya mara zilizotakiwa. Fikiria katibu wa chama cha wavuvi anayeandika kila asubuhi mitumbwi iliyorudi na ndagala. Akisema kazi yake ni ya kila siku, mwezi utaonekana una siku nyingi tupu. Lakini wavuvi wa taa hupumzika usiku wa mbalamwezi, maana samaki hawaifuati taa mwanga wa mwezi ukiwa mkali. Zile siku tupu si uzembe wa katibu. Hesabu yake ya kweli ni "asubuhi ambazo mitumbwi ilitoka", na katika hizo aliandika ngapi. Kila kazi ina kalenda yake, na anayeijua ni wewe.

Hesabu zinazoharibu badala ya kusaidia

Kuna aina tatu za tarakimu za kuepuka. Ya kwanza ni asilimia zinazotokana na idadi ndogo. Mara 11 kati ya 12 ikiandikwa "asilimia 91.7" inaonekana kama mtu anayejaribu kupamba. Andika 11 kati ya 12, inatosha. Ya pili ni tarakimu zinazopima watu wengine. "Nilipokea wageni 900" inasema wageni walikuja, haisemi uliwahudumia vipi. Kama unataka kutumia baraza la wageni, hesabu jambo lililo mikononi mwako, kwa mfano barua ngapi za malalamiko zilizopokelewa na ngapi zilimfikia mhusika siku hiyohiyo. Ya tatu ni ukamilifu. "Sikuwahi kuchelewa" humfanya msomaji afikiri kwamba hukuwa unahesabu.

Kumbuka pia kikomo cha njia hii. Kuna kazi zako nzuri ambazo hazitaingia katika hesabu yoyote: mama uliyempa kiti na maji kabla ya kumuuliza shida yake, siri uliyoitunza, ugomvi wa madereva ulioumaliza uani. Usizilazimishe ziwe tarakimu. Zitasemwa na mtu atakayepigiwa simu.

Na ukiitwa kwenye usaili, jiandae kwa swali moja hasa. Mtu atatazama ukurasa wako, ataruka zile 46, ataweka kidole kwenye 4 na kuuliza: "Hizi zilikuwaje?" Jibu unalo: mbili mafuta, moja barabara, moja ufunguo, na ufunguo wa pili ulipatikana Julai. Lijibu kwa utulivu, kwa mpangilio huohuo, bila kuongeza neno.